Ndoo, Kata na Maji Yasiyo na Kadiri

Ukarabati wa nyumba za kale mjini Lamu sasa umefika chooni. Kwa muda mrefu waliotengeneza nyumba hizi za mawe walishughulika na mapaa, milango ya nakshi na zidaka za ukutani, wakakiacha chumba cha kuogea kama kilivyokuwa. Siku hizi mwenye nyumba huanza na chumba hicho. Anaweka tangi darini, anateremsha bomba ukutani, na mwisho wake anafunga shawa ya umeme, ile yenye kichwa cha plastiki kinachopasha maji yakiwa yanapita. Mabadiliko haya yamezaa kisa kifupi kinachosimuliwa barazani, na kila ninapokisikia nahisi wasimulizi na wasikilizaji wamekielewa kinyume. Kwa kuwa uamuzi wa kuendelea kukarabati vyumba hivi unatolewa kila mwezi katika nyumba nyingine, naona kisa hiki kinastahili kupimwa kwa makini kuliko kinavyopimwa sasa.

Kisa chenyewe ni hiki. Mzee mmoja wa mtaa wa Langoni, aliyepita umri wa miaka 80, anaishi orofa ya juu pamoja na mwanawe, mkaza mwana na wajukuu, jumla yao watu tisa. Wajukuu wakubwa walichangishana fedha wakamtia babu yao shawa mpya katika choo chake, ili asiinue tena maji wala kuteka. Siku ya kwanza mjukuu alimwonyesha pa kufungulia na pa kugeuzia joto. Babu aliingia, maji yakasikika yakimwagika kwa kitambo, kisha yakanyamaza. Alipotoka alisema neno moja tu: "Mai haya hayana kadiri, mwanangu." Alfajiri iliyofuata aliteremka mwenyewe hadi stoo, akaitoa ndoo yake na kata yake ya kifuu iliyokuwa imetiwa humo pamoja na vyombo vibovu, akapanda nazo. Tangu siku hiyo huiweka ndoo chini ya shawa, akaketi kwenye kibao chake kando yake, akajimwagia kata baada ya kata, na shawa iko juu ya kichwa chake imefungwa. Kisa kinaishia hapo, na barazani watu hucheka, kisha mmoja husema kwamba wazee hawabadiliki.

Mimi nashikilia kwamba mzee huyu hakukataa kubadilika, na wala hakuwa akitetea mila. Alitoa hukumu ya kiufundi kuhusu maji ya kisiwa hiki, na hukumu hiyo ni sahihi. Neno alilolitumia, kadiri, ndilo ufunguo wa kisa kizima. Ndoo ni kipimo kabla ya kuwa chombo. Anayeoga kwa ndoo ameshaamua kiasi cha maji kabla hajavua nguo, na huyaona yakipungua mbele ya macho yake. Anayeoga kwa shawa huamua muda, tena kwa kuhisi tu, na kiasi cha maji hakijui wakati wa kuoga wala baada yake. Mahali penye mto au bwawa kubwa tofauti hii inaweza kuwa ndogo. Lamu si mahali pa namna hiyo.

Ili hoja hii ieleweke ni lazima tukumbuke maji yetu yanatoka wapi. Kisiwa hakina mto. Mvua inayonyesha juu ya matuta ya mchanga wa Shela huzama moja kwa moja, kwa sababu mchanga hauyazuii wala hauyaachi yatiririke, na huko chini yakakusanyika juu ya maji ya bahari yaliyopenya ndani ya ardhi kutoka pande zote. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo huelea juu yake mfano wa mafuta juu ya mchuzi, ingawa mpaka kati yao si mstari mkali bali ni tabaka linalochanganyika polepole. Wataalamu wa maji ya ardhini wana kanuni ya zamani kuhusu hali hii: kwa kila mita 1 ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna kiasi cha mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Kanuni hii inafurahisha ikisomwa upande mmoja na inatisha ikisomwa upande wa pili. Pampu ikishusha uso wa maji kisimani kwa sentimita 10 tu na kuuacha hapo, mpaka wa chumvi chini yake huelekea kupanda kwa mita 4. Kisima hakikauki, kinageuka ladha. Mwenye kisima hugundua kwanza kwamba chai haina ladha yake, kisha sabuni haitoi povu, na akishafika hapo, mvua za misimu mingi zinaweza kupita kabla maji hayajarudi kuwa kama zamani.

Sasa tulete hesabu ya nyumba ile. Niliomba ruhusa nikapanda kwenda kuiona, nikapima. Kata ya mzee ikijaa huchukua karibu theluthi moja ya lita, maana kata tatu zilijaza chupa ya lita moja. Ndoo yake ni ya lita 20, lakini haijazi. Huifikisha kwenye alama aliyoikwaruza ndani kwa msumari, ambayo ni lita 12. Hizo ni kata 36. Aliniambia kwamba kata za mwanzo hulowesha mwili, kisha hujisugua kwa sabuni bila kuteka, na nyingi zinazobaki ni za kusuuzia. Shawa ya nyumba hiyo, tangi likiwa limejaa na bomba nyingine zote zikiwa zimefungwa, ilijaza ndoo hiyo ya lita 12 kwa dakika mbili, yaani lita 6 kwa dakika. Wajukuu walikadiria kwamba huoga kwa dakika nane hivi. Hiyo ni lita 48 kwa mtu mmoja, mara nne ya maji ya babu yao. Watu tisa wakioga hivyo mara moja kwa siku wanatumia lita 432, na tangi la darini ni la lita 500. Wakioga wote kwa kipimo cha mzee wanatumia lita 108. Kwa kuwa maji ya mfereji hayafiki katika nyumba hiyo kila siku, tofauti kati ya hesabu hizi mbili ndiyo tofauti kati ya tangi linalovumilia siku kadhaa na tangi linalohitaji kujazwa kwa pampu ya kisima kila jioni. Na pampu ile ikiwaka kila jioni katika nyumba baada ya nyumba, tunarudi kwenye zile sentimita 10.

Lipo jibu la haki kwa hesabu hii, na nisingependa kulipita kwa haraka kwa sababu linatolewa na mafundi wanaojua kazi yao. Wao husema kosa si la shawa bali ni la dakika nane. Mtu akilowa kwa dakika moja, akafunga, akajipaka sabuni, akafungua tena kwa dakika mbili, atakuwa ametumia lita 18, na hapo hajamzidi babu kwa kiasi cha kuandikia makala. Hesabu yao ni kweli. Tena huongeza kwamba maji yanayotoka juu huondoa povu vizuri kuliko kata, hasa kwa mwenye nywele ndefu, na hilo pia nalikubali. Lakini jibu hili linadai kwamba shawa ya umeme iwe na tabia ambayo, katika nyumba zetu, haina.

Shawa ya aina hii haihifadhi maji ya moto. Ndani yake mna koili inayowaka maji yanapopita, na nguvu ya koili hiyo haibadiliki kulingana na wingi wa maji. Chukulia koili ya kilowati 5. Maji ya tangi yana nyuzi 27. Yakipita lita 6 kwa dakika, yatapanda kwa nyuzi 12 na kutoka yakiwa na nyuzi 39, joto zuri la kuogea. Sasa mtu wa jikoni chini afungue bomba lake asafishe samaki. Tangi liko mita moja na nusu tu juu ya shawa, na kwa kuwa huhitajika kimo cha mita 10 kupata msukumo ambao mafundi huuita ba 1, msukumo wa hapo ni mdogo mno kuhimili bomba mbili kwa pamoja. Maji ya shawa yanapungua hadi lita 3 kwa dakika. Koili ni ileile, maji ni nusu, basi ongezeko la joto linakuwa maradufu: nyuzi 24, na maji yanatoka yakiwa na nyuzi 51. Hayo yanaweza kuunguza ngozi nyembamba ya mzee asipowahi kusimama kando. Yakipungua zaidi, kiwambo kilicho ndani ya shawa hukata umeme kwa kukosa msukumo, na maji yanageuka baridi ghafla. Anayefunga na kufungua ili apunguze matumizi hukutana na hali hiyohiyo kila anapofungua: kwanza maji yaliyobaki ndani yakiwa moto sana, kisha baridi, kisha ndipo yatulie. Ndiyo maana wajukuu hawaifungi. Huiacha ikitiririka wakiwa wanajisugua, si kwa uzembe, bali kwa sababu wameshaipata hali ya joto wanayoitaka na wanaogopa kuipoteza.

Mzee hupata nyuzi zake 39 kwa njia ambayo haiwezi kumgeuka. Msimu wa kusi, asubuhi zinapokuwa na upepo wenye ubaridi, mkaza mwana wake humchemshia lita 2 katika sufuria, akazimimina ndani ya lita 10 za maji ya kawaida yaliyokwisha kuwamo ndooni. Lita 2 za nyuzi 100 na lita 10 za nyuzi 27 zikichanganyika huwa lita 12 za nyuzi 39, kwa kukaribia. Mzee hutia mkono, akikuta moto huongeza kata moja ya maji baridi, na kuanzia hapo hakuna bomba la jikoni linaloweza kumbadilishia maji yake. Nimeona watu wakilisimulia tendo hili kana kwamba ni udhaifu wa kutojua kugeuza kitufe. Kwa hakika ni namna pekee katika nyumba ile ya kujua joto la maji kabla hayajagusa mwili.

Kuna jambo la pili lililofichika katika kisa hiki, na ni zito kuliko la joto. Koili ya shawa nyingi za bei nafuu iko uchi ndani ya maji. Maji matamu sana hupitisha umeme kidogo, kwa hiyo sehemu ndogo tu ya umeme hutoroka kupitia maji, nayo inatakiwa ipelekwe ardhini na waya wa athi. Kadiri maji yanavyokuwa na chumvi, ndivyo yanavyopitisha umeme zaidi, na ndivyo usalama wa mwogaji unavyotegemea waya ule mmoja. Katika nyumba ya mawe iliyojengwa muda mrefu kabla ya umeme, nyaya zimepitishwa juu ya kuta baadaye, mara nyingi kwa awamu na kwa mikono tofauti, na nondo ya athi ikiwa imechomekwa katika mchanga mkavu au tumbawe haishikani vizuri na ardhi. Dalili ya kwanza ni ndogo na watu huizoea: ukigusa kitasa cha bomba ukiwa umelowa, vidole vinakuchonyota kama vimepigwa na kitu chembamba. Watu husema "inapiga shoti kidogo" na kuendelea kuoga. Hiyo si dalili ya kuzoewa. Ni taarifa kwamba umeme unatafuta njia ya kwenda ardhini na kwamba mwili wa mwogaji umekuwa mojawapo ya njia hizo. Nilipomuuliza mzee alichokihisi siku ile ya kwanza, alininyooshea vidole vya mkono wa kulia, akasema vilimchonyota alipofunga. Sehemu hiyo ya kisa haisimuliwi barazani.

Dawa yake inajulikana. Zipo shawa zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, ambazo koili yake imefunikwa isiguse maji, nazo ni ghali kiasi kuliko za kawaida. Zaidi ya hapo panatakiwa athi iliyopimwa kwa chombo, si kwa kuangaliwa kwa macho, na swichi ya kinga inayokata umeme mara tu unapovuja kiasi cha miliampia 30. Mwenye nyumba ambaye fundi wake hawezi kumwonyesha vitu hivi vitatu asiiwashe shawa hiyo, na hasa asimtie ndani yake mzee aliyeketi juu ya sakafu iliyolowa. Mafundi wengine husema ukitumia maji ya mfereji hapana haja ya yote hayo. Sikubaliani nao, kwa sababu siku mfereji unapokauka pampu ya kisima hujaza tangi lilelile, na shawa haijui maji yametoka wapi.

Upande wa pili una hoja moja yenye nguvu halisi, na ningekuwa sijafanya kazi yangu kama ningeiacha. Ni hoja ya afya. Maji yanayowekwa chomboni huzaa mbu, na mji huu umelipia jambo hilo. Katikati ya mwaka 2004 Lamu ilikumbwa na mlipuko wa chikungunya, ugonjwa unaobeba jina la Kimakonde lenye maana ya kujipinda, kwa jinsi viungo vinavyomuuma mgonjwa. Wachunguzi waliopima damu za wakazi baadaye walikuta kwamba karibu robo tatu yao walikuwa wameambukizwa, na wakakadiria watu wapatao 13,500. Mlipuko ulikuja wakati wa ukame, jambo lililowashangaza waliodhani mbu ni wa masika. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba kwa uhaba wa maji watu waliyaweka majumbani katika vyombo visivyofunikwa, wasivimwage wala kuvisugua mara kwa mara, na mbu wa aina ya Aedes, anayependa maji safi ya ndani ya nyumba, akapata makazi. Ugonjwa ukafika Mombasa mwaka uleule, na mwaka uliofuata ukawa Komoro. Kwa hiyo anayesema kwamba maji ya bomba lililofungwa ni salama kuliko maji ya chombo kilicho wazi ana ushahidi nyuma yake, tena ushahidi wa hapa hapa.

Lakini tuangalie ni chombo gani kinachoshitakiwa. Yai la mbu huyu huhitaji takriban juma moja ndani ya maji mpaka liwe mbu anayeruka, muda ukipungua au kuongezeka kwa joto. Ndoo ya mzee hujazwa alfajiri na kumalizwa alfajiri hiyohiyo; hupinduliwa mdomo chini, na kata hutundikwa msumarini ikauke. Hakuna mbu anayekua katika maji yanayokaa robo saa. Chombo kinachokaa na maji kwa juma na zaidi ni pipa la akiba, na ni lile tangi la darini lenyewe, ambalo mara nyingi kifuniko chake kimepeperushwa na upepo au kimeachwa wazi na aliyepanda kutazama kama maji yamejaa. Shawa haikuondoa maji ya kuwekwa katika nyumba zetu. Imeyahamisha mahali ambapo hakuna anayeyatazama. Waliojenga nyumba hizi zamani waliijua hatari hiyo. Katika choo cha nyumba ya kale mlikuwa na birika la kujengwa la kuwekea maji, na ndani yake walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi. Chini kabisa ya birika walipachika bakuli la kauri, ili maji yakipungua mno samaki wapate pa kujihifadhi mpaka birika lijazwe. Hiyo ni teknolojia iliyofikiriwa hadi kwenye siku ya mwisho ya uhaba. Tangi la plastiki linaweza kupewa ulinzi sawa na huo kwa kifuniko kinachokazwa na wavu wenye matundu madogo kwenye mdomo wa kupumulia, lakini sharti mtu apande darini na kuhakikisha.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi, kwamba ndoo ni alama ya umaskini na familia inaaibika mzee wake akionekana nayo. Hoja hii haina hata kipimo kimoja ndani yake. Haisemi chochote kuhusu maji, joto, umeme wala mbu. Inazungumzia macho ya wageni. Na hata katika uwanja wake yenyewe haisimami, kwa sababu katika mji wa Waislamu uchache wa maji ya kuogea haujawahi kuwa aibu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja na akioga kwa pishi moja hadi mudi tano. Mudi ni kiasi cha maji yanayokaribia robo tatu ya lita, na mudi nne ni pishi moja, hivyo mudi tano hazifiki lita 4. Mzee wa Langoni, aliyesoma chuoni tangu utotoni, hakuniambia kwamba anafuata sunna hiyo, nami simwekei maneno mdomoni. Ninachosema ni kwamba mtu aliyekulia katika mafundisho yanayotaja maji ya kuoga kwa vipimo vyenye majina, hatashangaa kuyaona maji yasiyo na kipimo kuwa ni kasoro. Waliomcheka walilisikia neno kadiri kama la mtu anayelalamika. Yeye alilitumia kama fundi anavyolitumia.

Vilevile sikubaliani na wanaomtetea mzee kwa hoja ya utamaduni, ingawa nia yao ni njema. Wao huitaja kata ya kifuu kama kitu cha kuhifadhiwa, hasa kwa kuwa Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001. Ukimfanya mzee kuwa mlinzi wa urithi umeshakubali kimyakimya kwamba anachokifanya hakina faida nyingine ila kumbukumbu. Kata ile si ya kumbukumbu. Ikivunjika atachukua kopo la plastiki lenye ujazo uleule na hatakosa kitu. Asichoweza kukibadilisha ni alama ya msumari ndani ya ndoo.

Hili likikubaliwa, namna ya kukarabati choo inabadilika. Siwaambii watu wasiweke shawa; vijana wataitumia, na katika siku ambazo maji yapo kwa wingi haina ubaya. Nasema kwamba mpango wa choo uanze na ndoo, kisha shawa iongezwe. Hilo lina maana ya bomba la chini lenye kitasa kikubwa kinachogeuzwa na mkono wenye baridi yabisi, lililowekwa kwa kimo ambacho ndoo inaingia chini yake bila kuinamishwa. Lina maana ya sehemu kavu ya kuweka kibao, chuma cha kushikia ukutani, na sakafu inayoteremka kuelekea tundu la maji, ili maji yasitulie juu ya boriti za orofa na kuziozesha. Na maji yanakokwenda baada ya tundu hilo ni jambo lenye uzito wake peke yake, maana lita 432 kwa siku zikishuka katika shimo lililochimbwa ndani ya tumbawe lenye matundu, hazikai humo. Hupenya na kuendelea chini kwa chini, na katika mitaa iliyobanana kama Mkomani na Langoni mara nyingi zinaelekea kisimani kwa jirani.

Katika nyumba ya mzee yule wajukuu wameshaanza. Shawa imefunguliwa nyaya zake hadi athi ipimwe, na kwa sasa hutoa maji baridi tu. Fundi aliletwa kuongeza bomba la chini, akalifunga kwa kimo cha kawaida alichozoea. Mzee alileta ndoo yake, akaijaribu, ukingo ukagonga mdomo wa bomba. Alimwomba fundi alipandishe kwa upana wa vidole vinne, akasimama hapo mpaka likapandishwa, kisha akajaza hadi kwenye alama yake na kufunga.